Magamba ya Viwiko na Magoti

Seremala anayepiga magoti sakafuni kutwa nzima na kuegemea benchi kwa viwiko anaweza kudhani ngozi yake imekomaa kwa kazi tu. Lakini sugu haina mpaka unaoonekana wazi, wala haimwagi magamba ya rangi ya fedha kwenye suruali. Soriasisi hufanya hivyo. Kwenye ngozi nyeusi, chini ya magamba huonekana rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, si ule wekundu unaoonyeshwa katika picha nyingi za vitabuni.

Haiambukizi. Kinga ya mwili huichochea ngozi ijitengeneze upesi kupita kiasi: seli ambazo kwa kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kufika juu hufika kwa siku chache, zikarundikana.

Kwa mwenye ugonjwa huu, msuguano na mikwaruzo huweza kuzusha mabaka mapya pale pale ngozi ilipoumia. Ndiyo maana kuyasugua magamba kwa jiwe au dodoki huyaongeza. Vichochezi vingine ni msongo wa mawazo, pombe, sigara, maambukizi ya koo, na baadhi ya dawa, kama propranololi ya shinikizo la damu. Dawa ya namna hiyo isiachwe bila kumwuliza daktari.

Turudi kwa seremala wetu. Akishaoga maji ya uvuguvugu, ajipake vaselini ngozi ingali na unyevu. Magamba yakiwa mazito, marhamu ya asidi ya salisilika huyalainisha kwa siku kadhaa, ili krimu ya steroidi ipate kupenya. Daktari akimwandikia betamethasoni, kipimo kipo mkononi: krimu iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Tuseme viwiko viwili na magoti mawili vina mabaka ya ukubwa wa viganja vinne. Hiyo ni gramu moja kwa siku, kwa hiyo tyubu ya gramu 30 humfikisha mwezi. Ikiisha kwa wiki moja, anajipaka kupita kiasi.

Kosa kubwa ni kununua steroidi kabla ya kujua ugonjwa. Choa, ambacho aghalabu huwa na ukingo wa duara na katikati pamepoa, huenea zaidi kikipakwa steroidi.

Kosa la pili ni kutojua pa kuishia. Baka likishasawazika na magamba yakakoma, doa jeusi au jeupe huweza kubaki kwa miezi. Hilo halihitaji steroidi, na anayeendelea kuipaka huambulia ngozi nyembamba yenye michirizi. Vaselini ndiyo iendelee.

Krimu haitoshi iwapo vidole vimevimba au viungo vinakakamaa asubuhi, kwa kuwa soriasisi hushambulia viungo pia. Vipele vya usaha vikienea pamoja na homa, aende hospitali siku hiyo hiyo.