Ratiba ya timu sita ndani ya jedwali la tano

Timu sita zikikutana mara moja moja, mechi ni 15: raundi tano za mechi tatu. Ukipanga kwa kubahatisha, raundi za mwanzo hukubali, kisha mwishoni zinabaki timu ambazo tayari zimeshacheza zenyewe kwa zenyewe.

Dawa yake ni mraba wa Kilatini, jedwali ambalo kila namba hutokea mara moja tu katika kila mstari na kila safu. Chora mistari mitano na safu tano. Katika kila chumba jumlisha namba ya mstari na ya safu; jumla ikizidi 5, toa 5. Mstari wa kwanza utasomeka 2 3 4 5 1, wa pili 3 4 5 1 2. Namba iliyomo ndiyo raundi. Mstari wa 2, safu ya 4, jumla ni 6, inabaki 1: timu ya 2 na ya 4 zinakutana raundi ya kwanza, sawa na ya 1 na ya 5.

Timu ya 3 je? Kwenye mshazari inajikuta yenyewe, 3 na 3, raundi hiyohiyo. Hapo ndipo timu ya 6 inapoingia. Uzuri wenyewe ni kwamba mshazari husomeka 2, 4, 1, 3, 5, bila kurudia, kwa hiyo timu ya 6 haigongani na ratiba yake.

Jedwali la sita kwa sita lingerudia: 2, 4, 6, 2, 4, 6. Raundi ya pili, timu ya 1 na ya 4 zingekaa bure, na ligi ingehitaji raundi sita.