Malipo Yakifika Pungufu

Taarifa ya benki huonyesha kiasi kilichoingia, lakini haisemi kwa nini kimepungua. Ndiyo maana muuzaji aliyelipwa pungufu huanza kwa kumwomba mteja mchanganuo wa malipo, yaani karatasi inayotaja ankara zilizolipwa, makato yaliyofanywa na kiasi kilichotumwa. Kudai kabla ya kuuona ni kubahatisha.

Nchini Kenya, sehemu ya pengo mara nyingi huwa ni kodi. Mfano ni kampuni ya ushauri iliyopeleka ankara ya shilingi 200,000. Ikiongezwa VAT ya asilimia 16, jumla ni 232,000. Mteja, ambaye ni wakala wa zuio wa KRA, ametuma 206,000. Mchanganuo unaeleza zilikokwenda 26,000 zilizobaki: kodi ya zuio 10,000, ambayo ni asilimia 5 ya 200,000, VAT iliyozuiwa 4,000, asilimia 2 ya kiasi hichohicho, na 12,000 zilizoandikwa “punguzo” bila maelezo.

Zile 14,000 za kodi hazidaiwi kwa mteja kama fedha. Kinachodaiwa ni vyeti vya zuio kutoka mfumo wa iTax, kwa kuwa ndivyo vinavyothibitisha kwamba kodi imewasilishwa kwa jina la kampuni. Hesabu yake nayo ikaguliwe: wapo wahasibu wanaokata asilimia 5 ya jumla yenye VAT, kodi ikawa 11,600 badala ya 10,000, na muuzaji akapunjwa 1,600.

Deni halisi basi ni 12,000, na barua ya kulidai inatosha kuwa fupi: “Tumepokea Sh 206,000 kwa ankara Na. 118. Baada ya makato ya kodi ya Sh 14,000, salio linalodaiwa ni Sh 12,000. Tafadhali thibitisheni salio hili kwa maandishi, au mtutumie hati inayoeleza punguzo.” Huambatanishwa na taarifa ya hesabu ya mteja, ili pande zote mbili zitazame tarakimu zilezile.

Mteja akionyesha kwamba sehemu ya kazi haikufanyika, muuzaji hutoa hati ya kupunguza ankara na deni linafutika kihalali. Akikubali kwamba alikosea, 12,000 hulipwa kwa namba ya ankara ileile. Kutoa ankara mpya kwa ajili ya salio ni kosa kubwa, maana mauzo yale yale huhesabiwa mara mbili na VAT hudaiwa tena.

Uthibitisho wa maandishi una uzito mwingine. Kwa sheria ya Kenya, dai la mkataba hufikia ukomo baada ya miaka 6, lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yaliyotiwa saini kabla ya hapo, muda huanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kukiri.