Jua Kwanza ni Tatizo la Aina Gani

Mwezi Oktoba mwaka 2005, watu wasiofika 500 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika walianza kujaribu huduma mpya ya simu. Walikuwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Mpango wa Vodafone na Safaricom ulieleweka vizuri: mteja apokee mkopo wake kwa simu, atoe fedha kwa wakala, kisha arudishe mkopo kidogo kidogo kwa simu hiyohiyo badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi.

Wateja walifanya zaidi ya walivyoombwa. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasisafiri na noti mfukoni. Wenye biashara waliweka mauzo ya jioni wakayatoa asubuhi, simu ikawa kasiki ya usiku. Wapo waliomlipia mwenzao rejesho la mkopo naye akawalipa kwa kazi, na wapo waliowanunulia ndugu zao wa kijijini muda wa maongezi. Upande wa mkopeshaji mambo yalikuwa magumu. Kumbukumbu za simu hazikuoana na mfumo wake wa hesabu, na wanachama wakaona hawana tena haja ya kwenda mkutanoni, mahali ambapo kikundi kilikuwa kikidhaminiana.

Huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo haikuwa tena kiini cha huduma. Kilichouzwa ni kumtumia mtu wa nyumbani pesa. Kabla mwaka haujaisha, waliojisajili walikuwa wamezidi milioni moja.

Walioandaa mpango ule walikuwa wataalamu, na walipanga kwa makini. Hata hivyo hakuna uchambuzi wa mezani ambao ungewapa jibu hilo, kwa sababu jibu lilikuwa bado halijazaliwa. Lilizaliwa watu walipoishika huduma mikononi. Hapo ndipo penye somo kubwa kwa meneja yeyote: kabla ya kuuliza "niamue nini?", aulize "hili ni tatizo la aina gani?", maana kila aina ina namna yake ya kuamuliwa.

Mpangilio unaotumika sana kwa kazi hii ni wa Dave Snowden, mtaalamu kutoka Wales, aliyeanza kuujenga mwaka 1999 alipokuwa IBM. Aliuita Cynefin, neno la Kiwelshi lenye maana ya makazi, mahali mtu alipozoea na panapomjenga bila yeye kujua. Novemba 2007, yeye na Mary Boone waliueleza kwa viongozi wa kazi katika jarida la Harvard Business Review. Miongoni mwa mazingira ya uamuzi waliyoyaeleza zimo aina nne, ambazo kwa Kiswahili naziita tatizo rahisi, gumu, changamani na la vurugu. Kinachozitofautisha ni uhusiano wa sababu na matokeo: unaonekana na nani, na unaonekana lini. Zote nne zimo ndani ya huduma hiyohiyo ya pesa kwa simu.

Tuanze kibandani kwa wakala. Mteja anataka kutoa shilingi 2,000. Wakala anaangalia kitambulisho, mteja anaingiza namba ya wakala, kiasi na namba yake ya siri. Wakala anasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe, ndipo fedha zinatolewa. Tatizo la namna hii ni rahisi, kwa sababu kila mtu anaona kipi kinasababisha kipi. Kazi ya meneja ni kutambua, kuliweka jambo kwenye fungu lake na kufuata utaratibu. Ubunifu hapa ni hatari. Wakala anayetoa fedha kwa kuonyeshwa ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, bila kusubiri wake, ndiye anayelizwa na matapeli.

Sasa tazama floti ya wakala huyo. Mjini watu huweka, kijijini watu hutoa. Wakala wa mjini anamaliza siku akiwa na droo iliyojaa noti na floti iliyokauka, wa kijijini ana floti tele na droo tupu. Kila mmoja anahitaji kiasi gani, siku ya gulio, mwisho wa mwezi, wiki ya kufungua shule? Nani abebe fedha, kwa njia ipi, mara ngapi? Hili ni tatizo gumu. Jibu lipo, lakini halionekani na kila mtu. Linahitaji takwimu za miamala na mtu anayejua kuzisoma. Meneja hutambua, huchambua, ndipo huchukua hatua. Majibu mazuri yanaweza kuwa zaidi ya moja. Hatari ya hapa ni mtaalamu kuyapenda mahesabu yake hadi asimsikilize wakala anayemwambia kuwa gulio limehamia Alhamisi.

Tatizo changamani ni lile la Thika na Mathare: watu watafanya nini na kitu kipya? Hapa sababu na matokeo huonekana ukitazama nyuma tu. Kila mtu hubadili mwenendo kwa kuwaangalia wenzake, na huduma yenyewe hubadilika kwa kutumiwa. Kwa hiyo mpangilio wa hatua unageuka: jaribu kwanza, tazama kinachojitokeza, kisha chukua hatua. Jaribio linalofaa lina sifa tatu. Ni dogo kiasi kwamba likishindwa hakuna anayeumia. Haliendi peke yake, bali linafuatana na mengine yenye mawazo tofauti. Na kabla ya kuanza, meneja ameshaandika ni dalili gani ikionekana atalikuza na ni ipi ikionekana atalizima. Bila sharti hilo la mwisho, jaribio hugeuka mradi wa mtu, na mradi wa mtu haufi hata ukioza.

Tatizo la vurugu halikupi hata nafasi ya kujaribu. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 16, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba miamala ya simu isiyozidi shilingi 1,000 isitozwe ada, na kwamba kiwango cha juu cha muamala mmoja kipande hadi shilingi 150,000. Hakukuwa na muda wa utafiti kuhusu noti na maambukizi. Hatua ilichukuliwa ili watu wapunguze kupokezana fedha mkononi, mengine yatazamwe baadaye. Masharti hayo yaliongezewa muda hadi mwisho wa mwaka huo. Katika vurugu, meneja huchukua hatua, hutazama imefanya nini, kisha hurekebisha. Lengo la hatua ya kwanza ni kutuliza hali ishuke hadi mahali ambapo majaribio yanawezekana. Anayeendelea kutoa amri za dharura baada ya hali kutulia anawanyima watu wake nafasi ya kufikiri.

Utajuaje uko wapi? Mimi huwauliza mameneja maswali mawili. La kwanza: wataalamu wawili wazuri wakipewa taarifa zilezile, watakubaliana? Wakikubaliana papo hapo, tatizo ni rahisi. Wakikubaliana baada ya kazi, ni gumu. Wakiendelea kupingana hata baada ya takwimu zote kuwekwa mezani, una dalili kubwa ya tatizo changamani, na kuagiza ripoti nyingine hakutalitatua. La pili: hatua ileile ikirudiwa kwingine, italeta matokeo yaleyale?

Kulipuuza swali hili la pili kuna gharama. Mwaka 2010, M-Pesa ilizinduliwa Afrika Kusini na Vodacom pamoja na benki ya Nedbank. Huduma ilikuwa imeshathibitika Kenya, lakini mazingira hayakuwa ya Kenya. Wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa yalikuwa tayari yakituma fedha kutoka mji hadi mji. Ilipofungwa katikati ya mwaka 2016, waliokuwa wakiitumia kwa dhati walikuwa kiasi cha 76,000 tu. Teknolojia ilisafiri, mazoea ya watu hayakusafiri nayo. Jibu lililopatikana kwa majaribio mahali pamoja ni dokezo zuri la kuanzia majaribio mahali pengine, lakini si mwongozo wa kunakili.

Upo mpaka mmoja ambao Snowden anautolea onyo kuliko yote: ule kati ya rahisi na vurugu. Meneja aliyezoea kwamba kila kitu kina utaratibu huacha kutazama. Utaratibu hupitwa na wakati taratibu, na siku unapovunjika hakuna ngazi ya kushukia. Mtu huanguka moja kwa moja kwenye vurugu. Ndiyo maana hata kwenye kazi rahisi lazima awepo mtu mwenye ruhusa ya kusema kuwa utaratibu huu haufanyi kazi tena, na asikilizwe.

Ugumu mwingine ni kwamba matatizo hayaji yakiwa yameandikwa jina. Mara nyingi yanakuja yamefungwa pamoja. Tuseme meneja anasimamia mawakala 40 wilayani, na miamala imeshuka kwa robo ndani ya miezi mitatu. Akiliita tatizo moja, kila mtu ofisini ataliona kwa jicho la kazi yake: mkaguzi atadai nidhamu, mtu wa hesabu atadai takwimu, bosi atadai amri. Alifungue kwanza. Mawakala sita wamefungwa akaunti kwa kutosajili wateja ipasavyo: hilo ni rahisi, utaratibu upo. Mawakala tisa hukaukiwa na floti kila Ijumaa kabla ya saa nane: hilo ni gumu, linataka uchambuzi wa siku na barabara. Lakini katika masoko matatu mawakala wana floti, wana adabu, na wateja bado hawaji tangu ada ilipopanda. Hilo ni changamani. Hapo asiandike waraka. Soko moja ajaribu kumweka wakala sehemu ya samaki alfajiri, soko la pili wachuuzi wapokee malipo kwa simu bila makato kwa wiki nne, soko la tatu akae na kuwatazama tu. Kwa kila jaribio aandike mapema kitakachomfanya aendelee au aache.

Na kila siku ya majaribio hayo aandike kitu cha ziada ambacho mameneja wengi husahau: yale ambayo watu wanafanya bila kuombwa. Fikiria kama mwaka 2005 wasimamizi wangehesabu marejesho ya mikopo tu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kwenye mpango. Wangeona mradi wa mikopo wenye matatizo na kuufunga. Aliyeweka fedha Nairobi akazitoa Thika asingeonekana kwenye ripoti yoyote.