Rafti Juu ya Udongo wa Nakuru: Hatari Iko Kwenye Shimo

Anayejenga Nakuru mara nyingi huambiwa, "Weka rafti, basi umemaliza." Rafti ni slabu moja ya konkriti na chuma inayokaa chini ya nyumba nzima. Ni msingi mzuri, lakini tuelewe unavyofanya kazi na mahali unapochoka.

Mji wetu umekaa juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, kusini mwa Menengai. Udongo huu ukiwa mkavu husimama imara. Maji yakiupata hulegea, na yakipita chini kwa chini huubeba na kuacha uwazi. Baada ya mvua kubwa nyufa ndefu hufunguka. Machi 2018 ufa wa namna hiyo ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, karibu na Suswa.

Mainjinia huhesabu rafti kwa njia iliyotolewa na Mjerumani Emil Winkler mwaka 1867. Fikiria godoro la springi, na juu yake ubao. Udongo ndio springi, slabu ndiyo ubao. Ugumu wa springi huitwa k: ni uzito unaohitajika ili mita mraba moja ya udongo izame milimita 1. Tuchukue kwa mfano tani 4 kwa udongo mkavu ulioshindiliwa, na tani 1 kwa ule uliolowa.

Sasa tuchukue nyumba ya ghorofa moja, ya mawe. Ukuta wa katikati unalemea tani 6 kwa kila mita ya urefu wake. Slabu ina unene wa sentimita 30. Tunakata, kwa mawazo tu, ukanda wa slabu wenye upana wa mita 1 unaopita chini ya ukuta huo. Unene wa slabu na k vinatupa urefu tunaouita L, unaoonyesha slabu inasambaza uzito mbali kiasi gani. Kwenye udongo mkavu L ni mita 1.54, kwenye uliolowa ni mita 2.18. Nguvu ya kuikunja slabu, M, ni hii:

M = P × L / 4

P ni zile tani 6. Udongo mkavu unatoa tani-mita 2.3, uliolowa 3.3. Angalieni jambo hili: udongo umelegea mara nne, lakini mkunjo haukuongezeka hata kwa nusu. Kuzama ndiko kumeongezeka karibu mara tatu, kutoka nusu milimita hadi milimita 1.4. Slabu yenye chuma cha Y12 kila sentimita 20 hubeba takriban tani-mita 3.5. Kwa hiyo, nyumba ikilowa sawasawa kote, rafti itavumilia.

Lakini je, springi zikiondoka kabisa? Tuseme maji yamechimba mfereji wa upana wa mita 2 chini ya ukuta ule ule, na kwingine kote ni kukavu. Nusu ya upana huo tuiite a, yaani mita 1. Hesabu inakuwa:

M = P × (L + a) / 4

Hii ni tani-mita 3.8. Imepita ile ya udongo uliolowa kote, na imepita uwezo wa chuma chetu.

Ukuta wa nje una taabu zaidi. Mfereji ukila mita 1 kutoka ukingoni, slabu inabaki inaning'inia kama tawi. Tani 6 mara mita 1 ni tani-mita 6, na ndani kidogo huzidi hapo. Tena hapo slabu hupasuka upande wa juu, ambako mafundi wengi hawaweki chuma chochote.

Kwa hiyo muulize injinia maswali haya. Je, udongo ulipimwa ukiwa umelowa, au mkavu tu? Kipimo cha sahani ya sentimita 30 kisichukuliwe kilivyo, maana kwenye mchanga k ya slabu pana hushuka kuelekea robo yake. Je, ukingo umehesabiwa kana kwamba mita 1 haina udongo? Je, kuna chuma juu na chini, na boriti nene pembeni?

Halafu zuia maji. Gata zipeleke maji ya paa mbali na nyumba, na shimo la maji machafu lisikae karibu na ukuta. Ukiona ufa wa mshazari kuanzia pembe ya dirisha, mlango unakwama, au maji ya mvua yanapotelea ardhini pahali pamoja kando ya msingi, usizibe kwa simiti tu. Chimba hapo uangalie kama slabu bado imeketi juu ya udongo. Na ufa wa ardhi wenyewe ukipita chini ya kiwanja, rafti siyo dawa. Nyumba ihamishwe pembeni.