Bwawa Lenye Sakafu ya Mteremko Huchukua Lita Ngapi?

Boza la lita 10,000 linarudi kinyumenyume hadi ukingoni, mpira unashushwa kwenye bwawa tupu la hoteli, na maji yakiisha dereva anakwenda kupakia tena. Msimamizi anachungulia upande wa kina kirefu: maji yamefika sentimita 45. Anaridhika. Boza la pili, lenye lita zilezile, linapandisha maji sentimita 18 tu. La tatu linaongeza 14, la nne 12. Hapo maneno yanaanza, na dereva anaulizwa maji mengine ameyauza wapi.

Hajauza hata ndoo. Kilicholeta tofauti hiyo ni sakafu ya bwawa, ambayo haiko tambarare bali inateremka kutoka upande wa watoto kwenda upande wa wanaojua kuogelea.

Mabwawa ya mashindano hayasumbui hivyo. Lile la Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 lilikuwa na kina cha mita 2.15, kwa urefu wa mita 50 na upana wa mita 25, mtu anazidisha mara tatu na kazi imekwisha. Bwawa la hoteli au la shule hutumiwa na watu wa kila kimo, kwa hiyo mjenzi huliinamisha ili mtoto asimame upande mmoja na mtu mzima apige mbizi upande wa pili. Mteremko husaidia pia siku ya kusafisha, kwa kuwa maji yote hukimbilia tundu la kutolea lililopo kule chini.

Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 8. Upande mfupi maji yana kina cha mita 0.9, upande mrefu mita 2.1, na sakafu inateremka moja kwa moja kati ya pande hizo. Kwa kuwa hakuna kina kimoja, kanuni ya boksi haiwezi kutumika. Dawa yake ni kuliangalia bwawa kwa ubavuni. Ukuta wa ubavu, kuanzia usawa wa maji hadi sakafuni, una pande mbili za wima zilizo sambamba: mmoja wa mita 0.9 na mwingine wa mita 2.1. Juu kuna mstari wa usawa wa maji, chini kuna mstari wa mteremko. Hiyo ni trapeza. Na mahali popote utakapolikata bwawa kwa urefu wake, kama anayekata slesi za mkate, utapata trapeza ileile bila mabadiliko. Umbo lenye mkato usiobadilika namna hiyo ni mche, na ujazo wa mche ni eneo la mkato mara urefu wa mche wenyewe.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Kimo cha trapeza hii hakisimami, kimelala. Kanuni inataka umbali kati ya pande mbili sambamba, na kwa kuwa pande hizo ni zile za wima, umbali kati yake ni urefu wa bwawa, yaani mita 15. Urefu wa mche nao si mita 15 bali ni upana wa bwawa, mita 8. Aliyezoea kuona kimo kikielekea juu atatafuta namba ambayo haipo.

Baada ya kulielewa hilo, hesabu yenyewe ni fupi. Jumla ya pande sambamba ni 0.9 + 2.1, sawa na 3. Nusu yake, 1.5, mara 15 inatoa eneo la mkato: mita 22.5 za mraba. Mara upana wa mita 8, tunapata mita za ujazo 180. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ambayo ndiyo uniti moja kwenye bili ya maji. Bwawa linachukua lita 180,000, yaani maboza 18.

Turudi sasa kwa dereva. Maji ya kwanza hayajui trapeza. Sakafu inashuka mita 1.2 katika urefu wa mita 15, sawa na sentimita 8 kwa kila mita, hivyo maji hujikusanya kwenye kona ya chini na mkato wake huwa pembetatu. Yakifika kina cha sentimita 60, yametambaa mita 7.5 tu kuelekea upande wa watoto. Nusu ya 0.6 mara 7.5 ni 2.25, mara 8 ni mita za ujazo 18. Yakifika sentimita 120 yamegusa mwanzo wa mteremko, na hesabu hiyohiyo inatoa mita za ujazo 72. Kina kimeongezeka mara mbili, maji mara nne, kwa sababu pembetatu inakua kwenda juu na kwenda mbele kwa wakati mmoja. Kila boza linalofuata linatandazwa kwenye eneo pana kuliko lililotangulia, kwa hiyo linapandisha maji kidogo zaidi. Baada ya mita za ujazo 72 uso wa maji haupanuki tena, na kila boza zima huongeza sentimita 8 na kidogo hadi mwisho. Boza ambalo linapaswa kutiliwa shaka ni lile litakaloongeza sentimita tano wakati huo.

Makosa ya vipimo nayo yana gharama zake. Fundi huweka futi kamba juu kabisa ya ukingo, ilhali maji husimama chini yake. Tofauti ya sentimita 15 kwenye uso wa mita za mraba 120 ni mita za ujazo 18, karibu maboza mawili ambayo hayatawahi kuingia. Kosa kubwa zaidi ni kutumia kina cha mwisho pekee: 15 mara 8 mara 2.1 ni mita za ujazo 252. Mtunza bwawa anayetaka kuongeza miligramu moja ya klorini kwa kila lita, akitumia klorini ya chenga yenye nguvu ya asilimia 65, anahitaji gramu 277 hivi kwa lita 180,000. Kwa hesabu ya 252 atamwaga gramu 388, na atafanya hivyo kila anapoongeza dawa. Kupima mteremko wenyewe badala ya usawa wa maji ni kosa pia, lakini hapa tofauti haifiki sentimita tano, hivyo halina madhara makubwa.

Wengine hupenda njia ya mkato: kina cha wastani, mita 1.5, mara urefu, mara upana. Jibu ni lilelile 180, mradi mteremko uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mabwawa mengi hayako hivyo. Tuseme mita 6 za kwanza ni tambarare kwa kina cha 0.9, mita 5 zinateremka, na mita 4 za mwisho ni tambarare kwa kina cha 2.1. Mkato unagawanywa vipande vitatu: 5.4, 7.5 na 8.4, jumla mita za mraba 21.3. Ujazo ni mita 170.4, si 180. Wastani wa kina cha mwanzo na cha mwisho haujui kwamba sehemu ya watoto ni ndefu kuliko ya wapiga mbizi.

Bwawa lenye umbo la figo halisaidiwi na njia yoyote kati ya hizi, kwa kuwa mkato wake hubadilika kila hatua na haliwi mche tena. Hapo msimamizi husoma mita ya maji kabla ya kufungua bomba, akaisoma tena bwawa linapojaa, kisha akatoa namba ndogo kwenye kubwa.