Jimu Uliyoiaga Bado Inakukata

Tuseme mteja wa Nairobi anahama mtaa. Tarehe 3 Machi anaiandikia jimu yake baruapepe kwamba anajitoa. Mkataba unataka notisi ya siku 30, na ada ya shilingi 6,500 hukatwa kwenye kadi yake kila tarehe 5. Aprili, Mei na Juni pesa zinaendelea kukatwa. Akipiga simu anaambiwa jina bado liko kwenye mfumo, aje ajaze fomu.

Ukiwa na hasira ni rahisi kudai kila kitu, hata makato ya Machi. Hapo ndipo barua nyingi huharibika. Tarehe 5 Machi notisi ilikuwa bado inatembea, kwa hiyo ada ile ni halali, na mteja mwerevu anakiri hivyo mwenyewe kabla meneja hajamshika. Notisi iliisha tarehe 2 Aprili. Deni la jimu linaanzia hapo:

“Kwa Meneja. Tarehe 3 Machi niliwaandikia kujitoa, nakala nimeiambatisha. Ada ya Machi siipingi. Baada ya notisi kuisha mmekata shilingi 6,500 mara tatu: tarehe 5 Aprili, 5 Mei na 5 Juni. Naomba mnirudishie shilingi 19,500, msikate tena, na mnithibitishie kwa maandishi kabla ya tarehe 24 Juni.”

Inatosha. Habari za mashine mbovu na mwalimu mchelewaji zina siku yake.

Na ile fomu? Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inazitaja huduma za mazoezi ya mwili waziwazi. Inampa mteja siku 10 za kubadili nia bila kutoa sababu. Muhimu zaidi kwa huyu wetu, ambaye siku hizo zilimpita zamani, haidai maneno maalumu ya kujitoa: yanayoonyesha nia yanatosha. Baruapepe isemayo “najitoa kuanzia leo” ni notisi. “Nafikiria kupumzika kidogo” si notisi, na wengi hunaswa na adabu yao wenyewe.

Jimu ikikaa kimya, mlango wa pili ni benki iliyotoa kadi. Kuifunga kadi peke yake si dawa, maana mitandao ya kadi inaweza kumpa mfanyabiashara namba mpya ili makato yasikatike. Mteja aiambie benki kwamba anapinga makato ya kujirudia yaliyokwisha sitishwa, kisha atoe baruapepe ya Machi, barua ya Juni na taarifa ya akaunti. Kwa kadi za Visa, benki kwa kawaida ina siku 120 za kufungua pingamizi, na kila makato huhesabiwa peke yake. Ya Aprili ndiyo yatakayotangulia kupitwa na muda, tarehe 3 Agosti.