Karai la Mama Zawadi: Mfano wa Deni Unapohamia Sokoni

Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Petro anamuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye anajibiwa kwa hadithi ya deni. Mtumishi wa mfalme anadaiwa talanta 10,000. Hana cha kulipa, anapiga magoti na kuomba avumiliwe. Mfalme anamhurumia na kulifuta deni lote. Mtumishi anatoka nje, anakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, anamkaba koo na kumtia gerezani.

Mtoto akisomewa hivyo anasikia namba mbili tu, moja kubwa na nyingine kubwa vilevile. Waliosikiliza hadithi hiyo mara ya kwanza hawakuwa na shida hiyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Deni la mwenzake ni kazi ya miezi mitatu na siku kadhaa: zito, lakini linalipika. Deni la mtumishi ni kazi ya siku milioni 60, yaani hata vibarua elfu moja wakifanya kazi pamoja maisha yao yote hawalimalizi. Hadithi nzima imesimama juu ya tofauti hiyo. Mtoto asipoiona, anachobaki nacho ni mtu mkali aliyeadhibiwa, na kusamehe hakumo.

Ndiyo maana anayetaka kuwasimulia watoto wa leo mfano huu hafanyi vibaya akiupeleka sokoni. Gulio na soko la mtaani vina kila kitu kinachohitajika: tajiri wa jumla, muuza rejareja, mama ntilie, daftari la madeni, na biashara ya mali kauli, ambapo mtu huchukua mzigo kwa neno lake tu na kulipa akishauza. Mtoto wa mjini amewahi kutumwa nyanya sokoni. Pengine amewahi pia kumsikia mama yake akisema, "Niandikie, nitaleta kesho."

Tuijenge hadithi yenyewe, hatua kwa hatua.

Mzee Kondo anauza nyanya kwa jumla. Kenta yake huzifuata Ilula, mkoani Iringa, na kuzishusha sokoni alfajiri. Mashaka ana meza ya rejareja, huchukua matenga kwa mali kauli na kupanga mafungu. Msimu wa mvua mzigo ukamwozea, akachukua mwingine akitumaini kufidia, nao ukaoza. Siku Mzee Kondo anapofungua daftari kufunga hesabu, jina la Mashaka limejaza kurasa. Matenga 100, kila moja shilingi 50,000. Jumla ni shilingi milioni tano.

Namba hiyo nayo haimwambii kitu mtoto wa miaka minane, kwa hiyo msimulizi aigeuze kuwa muda. Mashaka akijibana sana huweka shilingi 2,000 kwa siku. Kwa mwendo huo atalipa kwa siku 2,500, karibu miaka saba. Mtoto anayenyonya leo mgongoni mwa mama yake atakuwa ameshaanza shule, na Mashaka bado analipa nyanya zilizooza. Hapo watoto hunyamaza, maana miaka ya kukua wanaijua.

"Mzee wangu, nivumilie," anasema Mashaka. "Nipe muda, nitalipa lote."

Mzee Kondo anajua kwamba hatalipa. Anapiga mstari juu ya kurasa zote, moja baada ya nyingine, na kumwambia, "Nenda kafanye biashara yako. Hunidai, sikudai."

Hapa ndipo visa vingi vya watoto vinapoteleza. Tajiri anasamehe, watu wanashangilia, hadithi inasonga mbele. Mtoto anahitimisha kwamba tajiri ana hela nyingi, kwa hiyo hajapoteza kitu. Ila deni likifutwa halipotei hewani. Linahamia kwa aliyelifuta. Kwa hiyo aya inayofuata ni ya lazima. Wiki hiyo kenta ya Mzee Kondo inaenda Ilula kuchukua nusu ya mzigo, kwa sababu mtaji umepungua. Dereva anamuuliza kulikoni, naye anajibu kwamba wiki hii hesabu ndiyo hiyo. Bati jipya alilotaka kuezeka nyumbani litasubiri. Sentensi tatu zinatosha. Bila hizo, mtoto atajifunza kwamba kusamehe ni jambo la watu wasioumia.

Saa chache baadaye Mashaka anapita kwa Mama Zawadi, anayekaanga chipsi pembeni mwa soko. Mama Zawadi alichukua mafungu matano ya nyanya kwa ajili ya kachumbari, kila fungu shilingi 1,000. Anadaiwa shilingi 5,000. Akiweka shilingi 1,000 kila jioni, atamaliza kwa siku tano.

"Kaka Mashaka, nivumilie," anasema. "Nipe muda, nitalipa lote."

Maneno yamefanana, na hilo ni la makusudi. Katika Mathayo pia waombaji wawili wanasema maneno yaleyale. Msimulizi asiyapambe wala kuyabadilisha. Ayatamke kwa sauti ileile, tena ayarudie. Watoto waliozoea ngano za bibi wanajua kwamba neno likirudi lina jambo, na kabla msimulizi hajasema lolote, mmoja wao atapaza sauti: "Si ndivyo alivyosema yeye asubuhi!" Akisema hivyo, kazi imefanyika.

Mashaka hasikilizi. Anamwaga mafuta, anabeba karai. "Utalipata ukinilipa."

Karai limechukua nafasi ya gereza, na halikuokotwa tu. Aliyefungwa kwa deni hawezi kufanya kazi, na asipofanya kazi hawezi kulipa; adhabu yenyewe inaziba njia ya malipo. Mtoto wa leo hajui gereza la wadaiwa, lakini anajua kwamba bila karai hakuna chipsi, na bila chipsi hakuna shilingi 1,000 ya jioni. Ataona mwenyewe kwamba Mashaka hatafuti hela yake. Anataka kumkomoa mtu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mashaka ameondolewa matanga yake asubuhi, na mchana anampelekea mwenzake.

Makuli waliokuwa wakishusha viazi wameona yote, nao wanamfikishia Mzee Kondo habari. Linabaki swali gumu kuliko yote: mwisho. Katika Mathayo mfalme anaghadhibika, anarudisha deni, na mtumishi anakabidhiwa kwa watesaji mpaka alipe lote. Wasimulizi wengine huogopa na kuukata mwisho huo, Mashaka akaomba radhi na wote wakala chipsi. Wengine huusimulia kama ulivyo, na mtoto akalala akiamini kwamba msamaha ni kitu kinachonyang'anywa wakati wowote.

Soko lina adhabu yake ambayo haihitaji mtesaji. Mzee Kondo anamwita Mashaka na kumuuliza mbele ya daftari, "Nilikufutia kurasa zote hizi. Wewe ulishindwa mstari mmoja?" Kesho yake Mashaka anafika alfajiri, na kila tajiri wa jumla anamwambia, "Lete hela mkononi." Mali kauli inasimama juu ya neno, na neno lake halichukuliki tena. Adhabu inabaki kali kama ilivyokuwa, na mtoto anaona ilikotoka: imetoka kwenye kitendo cha Mashaka mwenyewe. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi naona huo ndio mwisho unaofaa. Wakubwa zaidi wanaweza kusomewa Mathayo yenyewe na kujadili kwa nini mfalme alikwenda mbali zaidi.

Utajuaje kama hadithi imefika? Waulize watoto maswali mawili. La kwanza: "Nani alipoteza hela?" Wakijibu "hakuna", rudi kwenye kenta iliyochukua nusu ya mzigo. La pili: "Nani alikosea zaidi, na kwa nini?" Hapa wadogo wanaweza kukushangaza. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu namna watoto wanavyopima haki na kosa, aliwasimulia watoto habari za vikombe. Mmoja amevunja 15 kwa bahati mbaya, mwingine amevunja kimoja alipokuwa akidokoa jamu. Wengi wa wale wadogo walisema mwenye 15 ndiye mkosaji zaidi. Walitazama ukubwa wa hasara, wala si nia. Basi usishangae mtoto wa miaka mitano akisema Mashaka ni mbaya kwa sababu alikopa matenga 100. Kwake karai bado si kitu. Usimkemee. Mrudishe kwenye maneno yale mawili yanayofanana, umuulize Mama Zawadi alijisikiaje.

Darasa au familia yenye Waislamu haina haja ya kuiweka hadithi hii kando. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaelekeza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na kwamba kumwachia deni kuwa sadaka ni bora zaidi. Aya hiyo inawakuta Mzee Kondo na Mama Zawadi kwenye meza moja: kumpa muda Mama Zawadi ndilo lililokuwa jambo dogo kabisa ambalo Mashaka angeweza kulifanya, na alishindwa hata hilo.

Upo mpaka mmoja ambao msimulizi asiuvuke. Mzee Kondo hakusamehe kwa kujifanya deni halipo. Alifungua daftari, akasoma, akajumlisha, ndipo akapiga mstari. Mtoto aliyepigwa au kunyanyaswa naye ana haki ya kurasa zake kusomwa kwanza: aeleze aliyotendewa, asikilizwe, alindwe, na mkosaji awajibishwe. Kumwambia mtoto "samehe tu, kama Mzee Kondo" ili aibu ya wakubwa ifunikwe ni kuigeuza hadithi kichwa chini. Hadithi ya deni inafaa magomvi ya rika: penseli iliyopotezwa, siri iliyovujishwa, mchezo ulioharibiwa. Mtu mzima anayemdhuru mtoto ni jambo la kupelekwa kwa wanaoweza kulizuia.

Baada ya hapo, usiweke sentensi ya "hadithi hii inatufundisha". Mtoto akipewa jibu anaacha kufikiri. Mwache Mashaka amesimama mbele ya banda la Mama Zawadi, karai mkononi, kisha waulize watoto aseme nini, alipe mafuta aliyomwaga au asilipe, na Mama Zawadi amjibu nini. Watabishana. Wapo watakaosema asisamehewe ng'o, na wapo watakaokumbuka shilingi 5,000 ambazo bado anadai. Waache wabishane mpaka mmoja wao aulize lile swali la Petro kwa maneno yake mwenyewe: je, akirudia tena?